Tupeane uzoefu: Cc na Bcc kwenye barua za kupiga hodi, lini zimekusaidia na lini zimekuharibia?

Kalamu Nyeusi (mleta mada)
Wadau, salaam. Naongelea barua pepe za kupiga hodi kwa mtu asiyekujua: mfadhili, mwandishi wa habari, mteja unayemtaka. Kazini kwetu kumezuka mvutano. Mkuu wa kitengo anataka kila barua ya aina hiyo ikitoka, yeye awe kwenye Bcc, "nijue kinachoendelea". Wenzangu wengine wanaona ni usimamizi wa kawaida, wengine wanasema ni kumsikilizisha mtu maongezi bila mgeni kujua. Nadharia tunazo tele. Nataka yaliyowakuta.

Mama Ripoti
Mimi yalinikuta na bosi wangu wa zamani. Nilimwandikia mkurugenzi wa mfuko mmoja, barua ya kwanza kabisa, kumwomba tuonane tuzungumzie ushirikiano. Bosi alikuwa kwenye Bcc kwa agizo lake mwenyewe. Akaisoma kwenye simu, akabonyeza kujibu wote, akaandika: "Safi. Akikubali kikao tumbane hapo hapo kwenye asilimia." Alidhani ananijibu mimi. Ikaenda kwa mkurugenzi.

Jibu lilikuja kabla sijajua cha kufanya: "Sikujua kwamba tuko watatu." Basi. Kikao kilifanyika, lakini tangu hapo kila barua yake ilikuwa ya mistari miwili, na mwanasheria wao yuko kwenye Cc. Lile neno la asilimia lingesameheka, kila mtu anajua watu hupatana bei. Kilichomuudhi ni kwamba kulikuwa na mtu nyuma ya pazia.

Kinyonga
Pole dada, ila hapo kosa ni la bosi, si la Bcc. Bcc inaficha kila kitu, ndiyo kazi yake. Mimi huwatumia watu hata hamsini barua moja ya kuomba matangazo, wote Bcc, na hakuna anayejua kama kuna mwingine.

Fundi Seva
Nimesimamia mitambo ya barua pepe kwa muda mrefu, kwa hiyo niruhusuni nirefushe kidogo.

Kinyonga, uko sahihi nusu. Bcc inaficha jina la aliyefichwa, haimfungi mikono. Barua inayomfikia bosi wa Mama Ripoti ina mstari wa To wenye anwani ya mkurugenzi, kama ilivyo kwenye nakala ya mkurugenzi mwenyewe. Akibonyeza kujibu wote, programu inachukua wote waliomo kwenye To na Cc na kuwaandikia. Kumbe aliyefichwa ndiye mwenye uwezo wa kujifichua, na hufanya hivyo bila kukusudia. Outlook inaweza kumwonya kwamba anwani yake ilifichwa, lakini si kila programu hufanya hivyo, na mtu mwenye haraka hasomi onyo.

Kuna na jambo la pili ambalo wakuu wengi hawalijui. Mkurugenzi akijibu, jibu linakwenda kwa Mama Ripoti peke yake. Bosi aliye kwenye Bcc anaona barua ya kwanza tu, kisha kimya. Kwa hiyo mkuu wa Kalamu Nyeusi anayetaka kujua kinachoendelea hatakijua kwa njia hiyo. Atajua tu kwamba kuna barua ilitoka.

Ninachowashauri watu ni hiki: tuma barua yako kwanza, kisha ifungue kwenye zilizotumwa na umpelekee mkuu kwa Forward. Akibonyeza kujibu wote, jibu linakurudia wewe tu. Mgeni likija jibu lake, hilo nalo unampelekea. Ni kazi ya sekunde chache.

Na wale hamsini wako, Kinyonga, wanajua. Mtu akifungua barua na jina lake halimo kwenye To, au anaona imeandikwa undisclosed-recipients, au wewe mwenyewe umejiandikia, amekwisha kuelewa. Kwenye Gmail akigusa maelezo ya barua anakuta bcc: me. Usishangae pia zikiishia kwenye taka. Tumia zana inayotoa barua mojamoja kutoka kwenye orodha, kila mmoja na jina lake.

Kinyonga
Nimekusikia, ila mbona nimewahi kujibiwa na kulipwa kabisa?

Fundi Seva
Waliojibu umewaona. Waliokuona na kunyamaza utawajuaje?

Bado Mgeni
Mimi mwenzangu alinikopi barua yangu ya kuomba ufadhili neno kwa neno, akabadilisha jina la shirika tu. Nilimshtaki kwa mkuu wetu. Huyo naye hana uaminifu kabisa.

Mama Ripoti
Pole sana mdogo wangu, ila hapa tunazungumzia kuweka watu kwenye nakala za barua. Hiyo yako fungulia mada, nitakuja kuchangia, maana yamenikuta pia.

Dada Itifaki
Mbona mnaisema Bcc vibaya tu? Kuna mahali inapendeza. Mwalimu wangu wa zamani aliniunganisha na mhariri mmoja. Alimwuliza mhariri kwanza, akakubali, ndipo akatuandikia sote wawili. Mimi nikajibu wote, mwalimu nikamtoa To nikamweka Bcc, na mstari wa kwanza nikaandika: "Asante Mwalimu kwa kutukutanisha. Nimekuhamishia kwenye Bcc tusikujazie sanduku." Mwalimu aliona kwamba nimeshika uzi, mhariri aliona kwamba mwalimu anaondoka, na barua zetu za kupanga siku hazikumfikia tena. Bcc ile ile, ila hapa imetangazwa kwa wote.

Cc nayo naitambulisha ndani ya barua. "Mwenzangu wa fedha yupo kwenye Cc, yeye ndiye atakayejibu maswali ya bajeti." Jina ambalo halijaelezwa humfanya msomaji ajiulize huyu ni shahidi au ni nani.

Mzee wa Bahasha
Mimi nakaa upande wa kupokea. Maombi yananifikia kila siku. Kijana mmoja aliniandikia wazo zuri sana, nikaliweka kando nilitafutie nafasi. Kabla sijamjibu akaja na barua ya kukumbusha, na mkurugenzi wangu kamweka kwenye Cc. Hakutukana, aliandika kwa heshima zote. Lakini sasa nisingeweza kumwambia "subiri kidogo, nakutafutia njia", maana mkubwa anasoma. Ikabidi jibu liwe rasmi, na jibu rasmi la swali la bajeti ambayo haijapitishwa ni hapana.

Kinyonga
Mzee shikamoo. Lakini watu wengine bila bosi wao kwenye Cc hawajibu kabisa!

Mzee wa Bahasha
Marahaba. Kweli wapo. Huyo mwandikie bosi wake barua yake peke yake, useme wazi kwamba ulianza kwa fulani. Usinigombanishe na mkubwa wangu ndani ya barua moja.

Dada Itifaki
Hapo mimi sikubaliani moja kwa moja, Mzee. Ukizungukwa bila kujua si ni Bcc kwa mlango mwingine?

Mzee wa Bahasha
Inaweza kuwa. Ila mimi binafsi ningependelea hivyo.

Kalamu Nyeusi
Asanteni. Fundi, swali moja: mfumo wetu wa kumbukumbu za wateja una anwani yake, tunaambiwa tuiweke Bcc ili barua ijihifadhi. Hiyo nayo?

Fundi Seva
Mashine haiwezi kukurupuka ikajibu wote, kwa hiyo hatari ya Mama Ripoti haipo. Ila tazama nani anasoma humo ndani. Mgeni akikuandikia siri, nawe ukamjibu ukiwa umeacha maneno yake chini ya jibu, yanahifadhiwa pia. Yafute kabla ya kutuma, au anwani ile iondoe kwenye jibu hilo.