Huyu dada wa Mbeya ananielewa au ananichezea akili? Naombeni ushauri

Mtu wa Lupembe (Jumanne, saa 4 usiku)

Wakuu, habari za usiku. Nina miaka 31, naishi Njombe, sina mke wala mtoto. Kuna dada tulionana Nane Nane pale Uyole, lakini tumeanza kuchati kama wiki saba tu. Yeye yuko Mbeya mjini, anauza duka la dawa Mwanjelwa.

Shida yangu simwelewi. Kuna usiku tunachati mpaka saa 6, ananitania, ananiita "mkaka wa baridi". Kesho yake namwandikia "umeamkaje", tiki za bluu zinawaka saa 2 asubuhi, jibu linakuja saa 3 usiku: "Salama." Basi. Nimeanza kuhesabu dakika kama kichaa. Juzi dakika 4, jana saa 11 nzima.

Mtu wa namna hii anakutaka au hakutaki? Nataka Jumamosi nipande gari niende Mbeya nikamalize ubishi.

Komredi Kabwe

Mkuu, anayekupenda hakucheleweshei jibu. Mimi mke wangu tulipoanza alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuandika. Saa 11 ni jibu tosha. Kula kona.

Dereva wa Fuso

Dah, umenikumbusha Tunduma. Kuna mama mmoja wa mitumba alikuwa ananipigia kila nikitoka Makambako. "Umefika wapi baba? Umekula? Endesha polepole." Miezi minne nikajua nimependwa, nikanunua mpaka viatu vipya. Siku moja gari ikachukuliwa na dereva mwingine, nikampigia mimi kumjulia hali. Akaniuliza, "Kwani marobota yangu yuko nayo nani?" Alikuwa anaulizia mzigo, si mimi. Viatu ninavyo hadi leo.

Mzee wa Makete

Vijana mnakesha na simu usiku kucha halafu mnashangaa kuchanganyikiwa. Zamani ukimpenda binti unamtuma shangazi yako, jibu linakuja na kuku au linakuja bila kuku. Nenda kwao ukawasalimie wazazi.

Shangazi Ipogolo

Mtoa mada, achana na dakika. Muuza duka la dawa saa 2 asubuhi ana watu watano dirishani, anafungua meseji aone kama ni mteja, anaifunga. Kujibu saa 3 usiku maana yake amefunga duka, basi. Hapo hupati kitu.

Nijibu mambo mawili. Nani huwa anaanza mazungumzo? Na mlianzaje kuchati, kama Nane Nane ilikuwa Agosti?

Mtu wa Lupembe

Shangazi, mara nyingi naanza mimi, ni kawaida ya mwanaume. Kuchati tulianza tu, alikuwa na shida ndogo ya shamba nikamsaidia.

Kalamu Fupi

"Tulianza tu." Nimenusa chai. Agosti mpaka sasa Januari, halafu unamwita mtu mpya? Nyoosha maelezo.

Mtu wa Lupembe

Sina sababu ya kutunga. Nane Nane nilikuwa na kibanda, akachukua karatasi yenye namba yangu, akanyamaza. Akanitafuta mwezi wa 11 mvua zilipokaribia, anataka miche ya parachichi, Hass. Ana eka moja Tukuyu, ya urithi. Nikampakilia miche 80 kwenye gari mwanzoni mwa mwezi wa 12. Ndiyo ikawa mwanzo.

Shangazi Ipogolo

Alilipa yote?

Mtu wa Lupembe

Hilo halihusiani na mada.

Pilipili Kichaa

Hahahaaa, HALIJALIPWA HILO.

Mtu wa Lupembe

Sawa. Miche 80 kwa 5,000 ni laki nne. Alitoa laki mbili na nusu, imebaki laki moja na nusu. Lakini wakuu msimfikirie vibaya, si tapeli. Na mimi nimeshaamua moyoni kumsamehe. Nilishamwambia hata, "hiyo iliyobaki isikuumize kichwa." Hela inatafutwa, mtu hatafutwi.

Komredi Kabwe

Nilisema mimi! Anakuchuna. Kila ukikaribia kudai anakuletea "mkaka wa baridi".

Shangazi Ipogolo

Komredi tulia kwanza. Mimi nauza vitenge mwaka wa 16, nusu ya wateja wangu wananipa maneno matamu na mimi nawadai hela. Kuna mteja anakuita "mpenzi", "kipenzi", "mamaa" kwa sababu anadaiwa, na kuna mteja mwenye deni anaona aibu, anakuwa mkavu hata kama anakupenda. Kwa maneno ya juu juu huwezi kuwatofautisha. Wewe Lupembe weka meseji hapa, za kwake na za kwako, kwa mpangilio. Usichague nzuri tu.

Mtu wa Lupembe

Nanakili kama zilivyo.

Katikati ya mwezi wa 12, saa 3 usiku. Ametuma picha ya mche, pembeni vidole vyake vya miguu vinaonekana kwenye ndala.
Yeye: Bosi wangu, huyu mbona ananyong'onyea, au amekumisi 😂
Mimi: Mwambie nakuja kumwagilia mwenyewe
Yeye: Weee utaweza umbali huo
Mimi: Nikija utanipikia nini
Yeye: Ndizi za Tukuyu, mkaka wa baridi ukila hurudi Njombe 😂😂

Usiku huo tulifika saa 6. Nikamweleza na mama yangu alianguka akaumia nyonga.

Baada ya Krismasi:
Mimi: Ile hela iliyobaki isikuumize kichwa mrembo
Yeye: Hapana jamani, deni ni deni. Asante lakini

Kimya siku tatu. Kisha "poa", "salama kaka", "niko bize kidogo". Wiki iliyopita:
Mimi: Nafikiria kuja Mbeya mwisho wa wiki moja hivi
Yeye: Karibu sana 🙏

Juzi, mwenyewe, bila mimi kuanza:
Yeye: Vipi mama, nyonga imepoa?
Nilijibu, tukaongea vizuri. Jana tena "salama" moja.

Pilipili Kichaa

Mimi nimeishia kwenye ndala. Kucha zimepakwa rangi? Mtu hapigi picha mche usiku na miguu kwa bahati mbaya.

Mtu wa Lupembe

Nyekundu.

Pilipili Kichaa

Mpaka hapo mimi nimeridhika.

Shangazi Ipogolo

Sasa angalia namna anavyokuita. Ulikuwa "bosi wangu", ukawa "mkaka wa baridi", jina la utani alilokutungia yeye. Baada ya kumwambia deni lisimuumize kichwa ukawa "kaka". Mwanamke akirudi kwenye "kaka" amepiga hatua moja nyuma, hajakufukuza, lakini ameweka meza katikati.

Na ona siku yenyewe. Kama angekuwa anatania kwa ajili ya deni, siku uliyomsamehe ndiyo angeyeyuka kabisa: asante mpenzi, Mungu akubariki. Alikataa. Ukampa laki na nusu na neno "mrembo" kwenye sentensi moja. Mimi ningeogopa. Ningejiuliza huyu ananinunua, na nikimjibu vitamu tena ataona nimelipwa?

Komredi Kabwe

Au amekataa kwa mdomo tu. Mbona mpaka leo hajalipa? Wiki nne zimepita.

Shangazi Ipogolo

Hapo una hoja, siwezi kuifuta. Inawezekana pia.

Ila "karibu sana" isikudanganye, Lupembe. Huku kwetu "karibu sana" anaambiwa hata anayesoma mita ya maji. Na wewe hukumwalika, ulisema "nafikiria kuja mwisho wa wiki moja hivi". Angejibu nini? Watu wetu hawasemi hapana. Wanasema "nitakushtua", "tutaona", "Mungu akipenda". Sikiliza kama anarudisha kitu. Asiyetaka atasema Jumamosi siwezi, anaishia hapo. Anayetaka atasema Jumamosi siwezi, labda Jumanne nikitoka kazini. Hiyo "labda Jumanne" ina uzito kuliko vicheko vyote vya usiku.

Kinachonitatiza mimi ni mama yako. Ulimtaja mara moja?

Mtu wa Lupembe

Mara moja tu. Mwezi mzima ulikuwa umepita.

Shangazi Ipogolo

Basi aliibeba mwezi mzima. Mdaiwa hakumbuki nyonga ya mama wa mtu. Au ni muuza dawa, wagonjwa ndiyo kazi yake. Sijui.

Ningekuwa wewe, ningetenganisha. Meseji ya kwanza iwe ya hela peke yake, kavu: deni lako lile lile, lipa kidogo kidogo unavyoweza. Usisamehe, maana ukisamehe kila tabasamu litakuwa shukrani na hutajua tena. Kesho yake, meseji ya pili: siku, saa, mahali pa watu, mchana. Moja tu. Na usiende Mbeya kabla hajajibu. Kutokea kwa mtu bila kuitwa si mapenzi, ni kumvizia.

Mtu wa Lupembe

Nimekuelewa ila tiketi nilishakata. Na nina shughuli nyingine Mbeya, nacheki viriba vya miche.

Pilipili Kichaa

Viriba Njombe vimeisha 😂

Kalamu Fupi

Wakuu amkeni. Bei ya mche imetajwa. Aina imetajwa. Idadi kwa eka imetajwa. Usafirishaji mpaka mkoani umetajwa. Huu uzi ni TANGAZO LA MICHE. Hakuna dada, hakuna ndala, mnashauri kitalu.

Dereva wa Fuso

Aisee. Miche 80 eka moja ni kweli lakini, mita saba kwa saba.

Mtu wa Lupembe

Kalamu Fupi, ningetaka kutangaza ningeandika kwamba mche ulionyong'onyea ni kosa langu? Uliota machipukizi chini ya kiungio yakanyonya nguvu, nikamwelekeza ayakate. Nani anatangaza hivyo?

Kalamu Fupi

Muuzaji mjanja.

Mzee wa Makete

Kama ni tangazo au si tangazo, wazazi wa binti hajawasalimia.

Mtu wa Lupembe (Alhamisi, saa 3:40 usiku)

Mrejesho. Jana nilituma ya hela kama Shangazi alivyosema. Akajibu "Afadhali umesema, nilikuwa sijui nikuelewe vipi." Leo mchana nikatuma: Jumamosi saa 7 mchana, chakula pale Kabwe, utakuja?

Amejibu sasa hivi: "Jumamosi niko zamu mpaka usiku kaka. Jumatatu nakutumia 50 ya kwanza. Hivi mkitoka Njombe asubuhi mnafikaga saa ngapi?"

Shangazi, hiyo ni "labda Jumanne" au ni 50 tu?

Komredi Kabwe

Amesema "kaka". Imeisha.

Pilipili Kichaa

Ameuliza saa ya kufika!! Nani anauliza saa ya kufika kwa mtu asiyemtaka?

Dereva wa Fuso

Mimi niliulizwa hivyo hivyo miezi minne.

Shangazi Ipogolo

Mjibu alichouliza, usiongeze kitu. Saa utakayofika, basi. Tuone anaandika nini.

Mtu wa Lupembe

Nimemjibu. Tiki mbili, bado hazijawa bluu.

Kalamu Fupi

Wakati tunasubiri, ukichukua miche 200 unapunguza bei?