Naomba ushauri: spika ya blututhi inachelewa kwenye grupu la waifai

Habari zenu wakuu. Nina spika mbili za waifai, moja sebuleni moja chumbani, nimeziweka grupu moja kwenye apu na zinaenda pamoja kabisa, hata nikizima simu muziki unaendelea maana zinavuta zenyewe kupitia ruta. Shida ni jikoni, kule nina ya blututhi tu. Nikaiunganisha na ile ya sebuleni ikakubali, ila inachelewa, ukisimama mlangoni unasikia kila neno mara mbili, inakera kweli. Kwenye apu kuna sehemu ya kurekebisha ucheleweshaji, nikiivuta taratibu zinalingana, lakini nikizima spika ya jikoni na kuiwasha zinaachana tena. Kuisogeza karibu hakujasaidia kitu.

Hiyo ya jikoni ina tundu la AUX, sasa nawaza ninunue kile kidude cha kupokea muziki kwa waifai nikichomeke hapo kwa waya, blututhi niachane nayo. Je, hapo kuchelewa kutaisha? Na kidude cha kampuni nyingine kitaingia kwenye grupu langu, au lazima kiwe cha mfumo uleule wa hizi mbili?