Kapiga panga hela ya dawa ya mama, na mnamjua ni nani!

Wakuu nina hasira natetemeka. Dada katuma 40,000 ya dawa ya mama, meseji ya kupokea imeingia, hata sijaimaliza kuisoma ya pili hii hapa: 16,600 imekatwa kulipia deni la ile huduma ya simu ya kujazia salio. Dakika ileile! Niko dirishani famasi, dawa 35,000, salio 23,400, mdada ananiangalia kama nimekuja kuiba panadol.

Nimevuta taarifa ya miamala ndo nimechoka kabisa. Nilichukua 18,000. Wateja wamenitumia 3,000 na nyingine 3,000, zote kazimeza. Si ilibaki 12,000? Hii 16,600 ni ya nani, ya babu yake? Hela ya DAWA jamani, mama anasubiri! Yule akiona hela inaingia hata msibani anakwapua na sanda.

mzee_wa_kaunta: Mkuu, hiyo 18,000 uliichukua kwa mkupuo? Hesabu mistari ya mkopo humo.

Mleta uzi: Iko mitatu, 8,000, 6,000 na 4,000. Kwani inahusu nini, dirishani famasi!

mzee_wa_kaunta: Inahusu. Kila ukilipia kitu salio halitoshi anajazia, na kila akijazia kuna ada ya kuchukua, halafu ada ya kila siku mpaka deni liishe. Zile 3,000 zilienda kwenye ada kwanza, deni lenyewe likaguswa kidogo tu. Umelipa jumla 22,600, toa 18,000, hiyo 4,600 ni ada. Angalia safu ya deni lililobaki baada ya kila makato, sio safu ya salio.

binti_kigoda: Si bora hela iwekwe kwa wakala? Hela ya wakala haikatwi, inakatwa ya kutumiwa tu.

mzee_wa_kaunta: Inakatwa dada, chochote kinachoingia. Labda dada yake angelipa famasi moja kwa moja, au atume laini nyingine.

chapati_mbili: Mtu mzima unakopa buku nne 😂😂

Mleta uzi: Cheka tu. Nimelipa kwa lipa namba mama asikose dawa, kajazia 11,600 na ada juu. Yaani kanikata dirishani, kanikopesha dirishani palepale!

mzee_wa_kaunta: Mstari wa nne huo. Zima hiyo huduma kwenye menyu, ila hadi umalize deni.

mama_kijacho: Mi wangu ni wa vocha, nikiweka buku sioni hata dakika moja.

chapati_mbili: Afadhali nyie mlikopa. Mi mpangaji, tangu 2021 nakatwa kodi ya jengo kwenye LUKU, jengo la mwenye nyumba!

binti_kigoda: Sheria inasema mwenye nyumba akurudishie bana.

chapati_mbili: Wa kwako karudisha?

mama_kijacho: Wangu kapandisha na kodi ya chumba 😭