Wakuu, nimesoma maoni ya wateja 150 lakini maelezo ya blenda yangu hayauzi. Nakosea wapi?

BiBlenda: Heshima kwenu wakuu. Nauza mtandaoni, mzigo natoa Kariakoo. Nimepitia maoni ya blenda zinazofanana na yangu, nikakuta "ina nguvu" na "inasaga barafu" yamejaa. Nimeyaandika hayohayo. Wateja wanauliza maswali mawili matatu, kisha kimya.

Karani: Umesoma ya nyota ngapi?

BiBlenda: 5.

Karani: Hizo ni za "asante, imefika". Kaa kwenye nyota 2 na 3. Mtoa maoni huyo ameitumia blenda, anaipenda, ila kuna kitu kinamkera. Chukua blenda 4, maoni 20 kila moja, uyapange kwenye jedwali. Kila lalamiko mstari wake, maneno yabaki yalivyo. Mtu akisema "imenivujia kwenye begi" usigeuze kuwa "ubora wa mfuniko", utapoteza kwamba anaibeba kazini. Lalamiko likitokea kwenye blenda 3 kati ya 4, ni hofu ya wanunuzi wote. Likiwa kwenye moja tu, huenda ni kasoro ya toleo hilo.

Mzee wa Tandika: Shusha bei. Wabongo hawasomi maelezo.

Dada_Mbagala: Na sisi wa feni za kuchaji?

Kijiko: Karani, nyota 1 usizitupe. Boksi kupondeka ruka, ila "inanuka kuungua" utaikuta huko.

Karani: Kweli, hapo umenisahihisha. BiBlenda, yako ni ya ukutani au ya kuchaji?

BiBlenda: Ya kuchaji, ml 380. Maoni nilichukua ya zile kubwa za ukutani, ndiyo yalikuwa mengi. Si kusaga ni kusaga tu? Halafu stika 200 za "Inasaga barafu" nishachapa.

Karani: Ungeanza na hilo! Wa blenda ya ukutani analalamikia kelele. Wa ya kuchaji anasema "haiwaki". Soma lalamiko hilo hadi mwisho: mara nyingi kikombe hakijakaa sawa, kinga ya usalama inazuia kisu kisizunguke. Hapo ulikosa sentensi moja tu: "Zungusha kikombe mpaka alama mbili zikutane, ndipo itawaka." Kama yako ina alama hizo, lakini. Maoni ya blenda za wenzio yanakupa swali, jibu litoke kwenye blenda yako. Barafu umeijaribu?

BiBlenda: Bado. Nikiandika "barafu ndogo" stika si zinaokoka?

Jicho Kavu: Jina BiBlenda, stika 200, ml 380... Wakuu, hili ni tangazo. Modi, futa.

BiBlenda: Tangazo bila namba ya simu? Haya, nimejaribu sasa hivi: maji nusu kikombe, vipande 4 vya barafu ya friji. Kisu kimekwama, taa inawaka nyekundu. Nikatoa vipande, nikaviponda kwanza kwenye kitambaa, ikasaga.

Karani: Basi andika hivyohivyo, "ponda barafu kwanza". Stika zibandue.

BiBlenda: Zote 200?

Jicho Kavu: Shilingi ngapi hiyo blenda?