Kuhesabu namba zilizokaa kama maandishi: COUNTA kutoa COUNT, au SUMPRODUCT?

Mizani_Kibaigwa: Wakuu, nina kolamu ya kilo za mahindi. SUM inatoa jumla ndogo kuliko vitabu. Kabla ya kuituma Dodoma mjini kesho nataka kujua seli ngapi ni namba kweli na ngapi ni maandishi. Fomula ipi bora?

Zuzu_Mhasibu: COUNTA toa COUNT, basi. COUNT inahesabu namba tupu, COUNTA kila seli yenye kitu. Tofauti ndiyo maandishi.

Mama_Alizeti: Mkuu, hujasema toleo la Excel, safu mlalo ngapi, wala kama kuna maneno humo. Bila hayo tunabahatisha.

Mizani_Kibaigwa: Samahani. Excel 2016, C2 hadi C401. Kuna walioandika "haikupimwa". COUNTA 392, COUNT 311.

Mama_Alizeti: Basi 81 ya Zuzu imechanganya "haikupimwa" na namba zilizogeuka maandishi. Jaribu hii:

```
=SUMPRODUCT(ISTEXT(C2:C401)*ISNUMBER(VALUE(C2:C401)))
```

Inahesabu seli ambayo ni maandishi lakini inakubali kugeuzwa namba.

Mizani_Kibaigwa: Imetoa 60. "Haikupimwa" nimezihesabu kwa macho, ni 6. Hizo 15 zimeenda wapi?

Mama_Alizeti: Zilinakiliwa kutoka ukurasa wa wavuti? Huko huja nafasi isiyokatika, yenye msimbo 160. Kwa macho ni kama nafasi ya kawaida, lakini VALUE inaikataa, na TRIM haiiondoi. Iondoe ndani ya fomula:

```
=SUMPRODUCT(ISTEXT(C2:C401)*ISNUMBER(VALUE(SUBSTITUTE(C2:C401,UNICHAR(160),""))))
```

Dereva_Kongwa: Kwa nini msichague kolamu nzima mkaweka Format Cells, Number? Mimi namba za simu zinapoteza sifuri ya mbele, nafanya hivyohivyo.

Mama_Alizeti: Format inabadilisha sura tu. Maandishi yaliyokwisha ingia yanabaki maandishi mpaka yageuzwe. Na simu zako, ndugu, zinatakiwa kuwa maandishi, ndipo sifuri ibaki.

Dereva_Kongwa: Sasa nizitunzeje, 0 au 255 mbele?

Zuzu_Mhasibu: 255, ukitaka kutuma ujumbe kwa wingi.

Mama_Alizeti: Fungueni uzi mwingine.

Mizani_Kibaigwa: Imetoa 75! 75 na 6 ni 81, imekaa sawa.

Zuzu_Mhasibu: Nakubali, ila yangu inatosha kolamu isiyo na maneno.

Mama_Alizeti: Inatosha kama pia hakuna fomula inayorudisha "". COUNTA inaihesabu hata ikionekana tupu. Na Mizani, angalia kama kuna aliyeandika robo tatu hivi: 3/4. Fomula yangu itaihesabu kama namba, kwa kuwa VALUE inaisoma kuwa tarehe. Ukigeuza yote kwa pamoja, kilo zitaruka hadi elfu arobaini na kitu.

Mizani_Kibaigwa: Ngoja nichuje... zipo mbili. Za gunia au za debe, sijui.

Zuzu_Mhasibu: Muulize mpimaji. Usikisie.