Tupeane uzoefu: ploti ulipata, njia ya kuingilia nayo?

Mkazi wa Lanet (mwanzilishi)
Wadau, nianze na langu. Mwaka 2014 nilinunua hamsini kwa mia upande wa Lanet, Nakuru, kwenye ekari moja ambayo mwenyewe alikuwa ameikata vipande 8. Siku ya kuonyeshwa palikuwa mahindi matupu. Muuzaji alipita katikati ya mistari akasema, "Barabara ndiyo hii." Niliamini, maana nilikuwa nimesimama juu yake.

Leo vipande vyote vimejengwa, changu kikiwa cha mwisho ndani. Wiki iliyopita choo kilijaa nikaita lori la kunyonya. Dereva aliliacha kwenye lami, akaingia kwa miguu, akanyoosha mikono huku na huku akiupima ukuta wa jirani na mabati ya yule mwingine. Akarudi. Bomba lake nalo halikufika. Nikamlipa pesa ya kuja tu. Wenzangu yaliwapataje? Na mliojua mapema, mlijuaje?

Sevea Mstaafu
Hiyo ekari yako naijua hata bila kuiona. Ekari ya mraba ina futi 208 na kidogo kila upande. Panga ploti 4 safu ya kwanza na 4 safu ya pili, kila moja kina cha futi 100. Mia na mia ni 200, katikati zinabaki futi 8 na nusu hivi. Hiyo ndiyo barabara uliyosimama juu yake. Lori lenyewe ni karibu futi 8 bila vioo vyake, na jirani akishatoa ukingo wa paa, kwisha.

Kipimo kinachotakiwa sana kwa barabara ya ndani ya makazi ni mita 9, karibu futi 30. Kinachoniuma ni kwamba kwenye ekari hiyo hiyo ploti 8 zingetoshea. Toa futi 30 katikati, kila ploti inabaki 52 kwa 89. Hakuna ploti iliyopotea, mtu kapoteza futi 11 za kina tu na kaongezewa 2 za upana. Lakini jaribu kumuuzia mtu "52 kwa 89". Masikio yake yamezoea hamsini kwa mia, ataenda kwa jirani. Mimi nimewahi kufukuzwa shambani kwa kuchora hiyo mita 9.

Rhonda Damu
Tusizunguke. Vijiji hivi vya mabanda vinatokana na watu kuvamia ardhi ya serikali. Kaunti ilete tingatinga, ipange upya, mambo yaishe.

Nyakwar Nyalenda
Kaka, wapo waliojenga kando ya reli na kwenye hifadhi za barabara, hapo sikupingi. Ila njoo Kisumu unionyeshe mvamizi Nyalenda. Hapa ni dala, nyumbani kwetu. Mpaka wa mji ulisogezwa mwanzoni mwa miaka ya 1970 ukatukuta na mashamba yetu, mengi yakiwa ya watu binafsi wenye hati. Mji ulipata watu bila kupata ardhi ya kupitisha barabara. Hilo tingatinga litabomoa kwa mwenye taito.

Kwetu ilikuwa hivi. Taito ina jina la babu mpaka leo, mirathi haijafanywa. Babu alikuwa na wana watatu, wakagawana kwa macho, kila mmoja utepe wake. Baba akajenga safu ya vyumba vya kupangisha, futi 10 kwa 10, akaacha upenyo wa kupita mtu na ndoo. Amu yangu naye akajenga akiuangalia ukuta wa baba. Hakuna sevea aliyeitwa, na hata angeitwa asingesajili mgawanyo, maana mwenye hati yuko kaburini, nyuma ya nyumba ya nyanya. Kwa hiyo kwenye ramani sisi bado ni shamba moja. Chini kuna kaya sijui ngapi.

Maji ndiyo yamepata dawa kidogo. Kampuni ya maji huuza kwa jumla kwenye mita moja kubwa pale bomba kuu linapopita, halafu mtu wa mtaa au kikundi huvuta mipira midogo hadi kwenye ploti na kukusanya pesa. Mpira unapita popote. Lori la choo halipiti, na zimamoto ndiyo usiseme.

Mama Wawili
Samahani naingilia. Hiyo mita 9 inalipwa fidia shilingi ngapi? Kwetu karibu na barabara kuu ya Nakuru tumewekewa alama nyekundu ukutani.

Sevea Mstaafu
Mama, hayo ni mambo mawili. Serikali ikichukua ardhi yako yenye hati kwa ajili ya barabara kuu, unadai fidia, na jambo hilo ni la Tume ya Taifa ya Ardhi. Lakini angalia kwanza kama ukuta umejengwa ndani ya hifadhi ya barabara, hapo kudai kutakuwa kugumu. Hii tunayosema hapa ni ile mwenye shamba anaiachia mwenyewe anapogawa. Hiyo hailipwi.

Mkazi wa Lanet
Mzee, na mimi nina taito yangu. Si ina maana barabara nayo ni halali?

Sevea Mstaafu
Taito inakuhakikishia kipande chako. Ya barabara tafuta karatasi mbili. Ramani ya rejista inayouzwa ofisi ya ardhi itaonyesha kama barabara ipo, ila usiipime kwa rula, haikuchorwa kwa ajili ya vipimo. Vipimo viko kwenye myutesheni, ile fomu ya mgawanyo aliyoijaza sevea. Ukikuta humo imeandikwa mita 9 na chini ni futi 8, kuna majirani waliosogeza ukuta, na hapo una kesi. Ukikuta imeandikwa mita 2 na nusu, basi mlinunua kichochoro wote 8, na kilipitishwa kikiwa kichochoro. Kwa sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 kugawa shamba kunahitaji idhini ya kaunti, lakini wanaouziana kwa makubaliano ya wakili bila kusajili mgawanyo hawafiki huko.

Jirani wa Langas
Huku Langas, Eldoret, mimi nilikaa miaka na karatasi ya makubaliano tu. Njia yetu ilikuwa pana kabisa, mpaka mrithi wa muuzaji alipouza hiyo njia kwa mtu wa karakana ya kuchomelea. Tulipiga kelele, tukaambiwa tuonyeshe ilipoandikwa. Hatukuwa nayo.

Nyakwar Nyalenda
Kwetu tulijaribu kupanua. Tulikubaliana kila upande urudi futi 6. Kati ya nyumba 11, tisa walikubali siku ya kwanza kwa sababu kwao ni kuhamisha ua wa kaiyaba. Wawili ukuta wa vyumba ndio unaangukia hapo. Mmoja wao ni mjane, anakula kodi ya vyumba hivyo viwili tu. Umwambie nini? Wengine walipendekeza tumchangie ajenge juu, lakini msingi ni wa udongo mweusi na nyufa zimeshaanza.

Rhonda Damu
Sasa choo mnatoaje?

Nyakwar Nyalenda
Vijana wanakuja usiku na mapipa na mkokoteni. Mkokoteni unapita.

Mkazi wa Lanet
Nimetoka ofisi ya ardhi leo. Myutesheni inasema mita 6. Nimerudi na kipimo cha fundi, langoni ni futi 8 na inchi 4. Mita 6 ni karibu futi 20, kwa hiyo tumekula futi 11 na zaidi. Nasema tumekula kwa sababu ukuta wangu nao nimeupima, umetoka futi 3. Mzee, nianzie kwa chifu au nianze kubomoa wangu kwanza?