Tupeane uzoefu: karatasi inasema kilo kwa hekta, sisi tunahesabu gunia kwa ekari

Jembe la Kongwa: Wakuu, habari za mavuno. Karatasi ya mbegu ya mahindi niliyopanda inasema mavuno ni kilo 4,500 kwa hekta. Mimi nimetoa gunia 12 kwa ekari. Jirani ananicheka, eti karatasi 45 wewe 12, mbegu uliisongea ugali. Aliyewahi kukutana na hesabu hii alifanyaje?

Hatua Ndefu: Rahisi mkuu. Hekta ni ekari mbili. 45 gawa kwa mbili, gunia 22 na nusu. Bado umepigwa tu.

Bibi Shamba: Mbili na nusu, kaka. Usimwongezee mwenzio presha.

Mama Kibaigwa: Umenitonesha kidonda. Mwaka ule tulikuwa na ekari mbili. Mume wangu alirudi kwenye semina na karatasi, tani 3 kwa hekta. Tukasema tani 3 ni gunia 30, basi ekari mbili ni gunia 60. Hekta na ekari kwetu ilikuwa lugha moja. Akaja mnunuzi wa pale sokoni, tukamwahidi gunia 50 na kuchukua pesa zake za awali, maana 10 tulijua ni za kula. Pesa ikaenda kwenye bati. Tulipomaliza kupukuchua nilihesabu mara tatu, nikamwita na mtoto wa darasa la sita anihesabie. Gunia 19. Nilidhani tumeibiwa usiku, nikagombana na shemeji yangu aliyelala shambani, hadi leo salamu zake ni za mbali. Tuliuza ng'ombe wawili kumlipa yule baba. Miaka miwili baadaye ndipo bwana shamba akatuambia kwamba hata mambo yangekwenda sawasawa, ekari mbili zingetoa gunia 24 tu.

Alizeti Kwanza: Pole sana mama. Na shemeji uliomba radhi?

Mama Kibaigwa: Niliomba. Alikunywa chai akaondoka.

Bibi Shamba: Ng'ombe wawili kwa ajili ya neno moja! Mimi ningemdai mume.

Mizani: Turudi kwa Jembe. Hekta moja ina ekari 2.47. Ukitaka gunia za kilo 100, chukua kilo za hekta ugawe kwa 247 moja kwa moja. 4,500 inakuwa gunia 18 na kidogo. Lakini usijilinganishe kwanza. Gunia lako ni debe ngapi, na ekari uliipimaje?

Jembe la Kongwa: Debe sita. Nilipima moja siku ya kupukuchua, kilo 108. Ekari nilivuta kamba mita 70 kwa 70.

Mizani: Hapo ndipo penyewe. 70 kwa 70 ya wazee ni hatua, siyo mita. Hatua ya mtu mzima haifiki mita, ndiyo maana inakaribia ekari. Kwa mita umepata mita za mraba 4,900, na ekari ni 4,047. Umelima ekari moja na robo kasoro ukaiita ekari. Sasa 12 mara 108 ni kilo 1,296. Gawa kwa 4,900, zidisha kwa 10,000, unapata kama kilo 2,645 kwa hekta. Kwa ekari halali ni gunia 10.7 za kilo 100.

Jembe la Kongwa: Kwa hiyo nimeshuka tena?

Mizani: Umeshuka, ila hata zile 45 hazikuwapo. Linganisha 10.7 na 18.2.

Hatua Ndefu: Mimi hatua yangu ni mita kamili, nilipimwa jeshini. 70 kwa 70 ni ekari, tumelima hivyo tangu babu.

Bibi Shamba: Basi babu yako alikuwa anakodi ekari moja analima na robo ya jirani.

Alizeti Kwanza: Na alizeti nayo unagawa kwa 247?

Mizani: Hapana. Gunia la alizeti ni jepesi, halifiki kilo 100. Gawa kwa 2.47 upate kilo za ekari, kisha gawa kwa uzito wa gunia lako ulilolipima.

Mkulima wa Bahi: Mimi kilo siamini. Nahesabu debe, basi.

Mama Kibaigwa: Debe la nani? La mnunuzi lina kichwa juu, la kwangu linafutwa kwa kijiti.

Bibi Shamba: Siku ya kupukuchua mahindi yalikuwa yamekauka? Kama yalikuwa na unyevu wa 18 kwa mia, hizo 108 zikikauka hadi 13.5 zinabaki kama 102.

Jembe la Kongwa: Niliyang'ata yakalia ka!

Mizani: Kung'ata siyo kipimo, ndugu. Una hata gunia moja limebaki? Lipime leo.

Jembe la Kongwa: Yamebaki matatu. Ngoja nikaazime mizani kwa huyo huyo jirani.